Soksi za Kufikia Hamsini

Wenzake walimwita Gundi, kwa sababu hakukuwa na boksi alilolifunga likafunguka njiani. Miaka tisa alisimama kwenye meza moja ya ghala la duka la mtandaoni, karibu na dirisha, akifunga vyombo na mashuka kwa ajili ya watu asiowajua. Maneno hakuwa nayo. Macho alikuwa nayo.

Macho hayo ndiyo yaliyomponza. Siku moja alimwambia shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye Gundi mwenyewe alimwombea kazi ya kompyuta pale ofisini: "Hebu tazama risiti hizi. Usafirishaji ni bure kuanzia elfu thelathini, basi kila mtu ni thelathini na moja, thelathini na mbili. Wa ishirini na nane humpati. Anatupia soksi kwenye oda ili avuke."

Shemeji alicheka. Wiki iliyofuata alisimama mbele ya mama mwenye duka na kuyasema maneno yale yale kama yametoka kichwani mwake. Akaongeza la kwake: kiwango kipandishwe hadi elfu hamsini, watu watatupia zaidi.

"Wengine watakimbia," Gundi alisema kutoka kwenye meza yake. "Mtu wa thelathini ataruka vipi hadi hamsini?"

"Shemeji yangu amechoka, mama," alisema yule kwa upole. "Kona ya marejesho ingemfaa. Kule kuna kiti."

Basi Gundi akakalishwa kitini, nyuma ya ngazi, panaporudishwa vitu ambavyo wateja wamevikataa. Meza yake ikapewa mtu mwingine, na kiwango kikapandishwa hadi hamsini. Nyumbani mkewe alimsihi, "Msamehe, baba. Ni damu yangu." Gundi akanywa maji na kwenda kulala. Kusamehe hakukumpitia hata mlangoni.

Alikuwa na jambo la kufanya. Kila kitu kilichorudi kilikuja na risiti ya oda yake. Gundi hakuzitupa. Alizichoma kwenye msumari mrefu, na kwenye kila moja akaandika kwa kalamu nyekundu: ilikuwa kiasi gani, imebaki kiasi gani. Hamsini na mbili, imebaki thelathini na tatu. Hamsini na moja, imebaki thelathini na moja. Walikuwa wananunua soksi ili wavuke hamsini, wanapelekewa bure, kisha soksi zinarudi, tena kwa gharama ya duka. Kwa miezi mitatu msumari ulijaa, na Gundi aliutazama kama mtu anavyotazama chungu kikikaribia kuchemka.

Siku ya kikao wafanyakazi wote walikusanyika ghalani. Shemeji aliwasha chati ukutani. "Wastani wa kikapu, yaani pesa ya kila oda, ulikuwa elfu thelathini na nne. Sasa ni arobaini na saba."

Makofi yakapigwa. Gundi akanyoosha mkono.

"Na oda kwa siku?"

"Hiyo siyo hoja ya leo, shemeji."

"Ni hoja yangu mimi," alisema mama mwenye duka. "Jibu."

"Zilikuwa mia nne. Sasa ni mia mbili na sabini."

Mama alitoa simu yake, akabonyeza kikokotoo. Watu walisikia kucha zake zikigonga kioo. "Milioni kumi na tatu na laki sita kwa siku. Sasa kumi na mbili na laki saba, hata haifiki." Akainua uso. "Wastani umepanda kwa sababu wateja wadogo wameondoka?"

"Wengine wametupia, mama, wengine..."

"Waliotupia nimewaleta," alisema Gundi. Akaingia nyuma ya ngazi, akarudi na gunia na msumari wake. Aliumimina mzigo mezani: soksi, soksi, soksi, jozi kwa jozi, bado na karatasi zake. "Chati inahesabu siku ya kununua. Mimi nahesabu siku ya kurudisha."

Watu wakasogea kutazama. Kisha mpakiaji wa mwisho wa safu akasema, "Shemeji, kumbe umefungua kiwanda cha soksi?" na ghala zima likalipuka.

Mama alisoma risiti kumi, akashusha kiwango hadi arobaini, mahali ambapo mtu wa thelathini na nne angeweza kufika kwa kitu anachokihitaji. Akaagiza pia kuwa atakayerudisha vitu na kubaki chini ya kiwango, nauli ikatwe kwenye pesa anazorudishiwa. Kisha akamtazama Gundi. "Rudi kwenye meza yako. Kile kiti kina mtu."

Jioni mkewe hakumpikia. Gundi alikula mkate mkavu, na ulikuwa mtamu.

Kesho yake, dirishani, alisikia sauti nyuma ya ngazi. "Shemeji, hizi soksi naziweka wapi?"

Gundi alivuta utepe, akaukata kwa meno, akalifunga boksi taratibu.

"Angalia kwenye chati," alisema.