Kukonda kwa Makusudi

Risasi zilipoingia mtaani kwetu Nyakasanza, mjini Bunia, mara ya kwanza, binti yangu alijitupa chini ya kitanda na mtoto wake mchanga. Nami nilijaribu. Kichwa kilipita. Nilipoingiza mabega, kitanda kiliinuka na godoro lake, kikaanza kutembea chumbani. Nikaona afadhali nilale juu yake, niwe dari yao.

Majirani walipoanza kukimbilia uwanja wa ndege, walikokuwa askari wa kulinda amani, binti yangu alinivuta mkono. Nilifika mlangoni, pumzi ikakatika. Nikamwambia aende. Akakaa kizingitini na mtoto mgongoni: "Siendi bila weye, mama. Tutakufa hapa pamoja."

Siku hiyo wenye bunduki walipita njia nyingine. Lakini maneno yale hayakuniacha. Kufa kwangu ni shauri langu. Kumuua mwanangu kwa sababu ya mapaja yangu, nilikataa.

Usiniulize nilinenepaje wakati wenzangu wanakonda kwa vita. Nilikuwa nakaanga mandazi ya kuuza, na kila nikiogopa nilikula. Bunia ya wakati ule, kuogopa hakukuwa na likizo.

Kwenye kituo cha afya huko Bigo, muuguzi, mama mmoja mpole, alinipandisha kwenye mzani. Mshale ukaenda mpaka mwisho, ukakwama pale. Akanipima shinikizo la damu, akatikisa kichwa, kisha akanituma sokoni, kwenye baskuli ya kupimia magunia, kwa mwenye duka la maharage. Yule baba alinisimamisha pale magunia yanaposimama, akasoma kilo, na kwa mazoea ya kazi yake akatoa kilo moja ya uzito wa gunia tupu. Gunia lenyewe lilikuwa kitenge changu kipya! Nilimtukana mpaka wateja wakasogea kusikiliza.

Niliporudi kituoni nilimwambia muuguzi kwamba kesho naanza kukimbia. Alishtuka.

"Hapana, mama! Hapana kukimbia, hapana kuruka. Magoti yako inabeba mingi. Utaanza na kiti: unakaa, unasimama, polepole, ukishika meza. Kisha unatembea mahali pa tambarare. Ukiweza kuongea, endelea. Ukishindwa kuongea, punguza mwendo."

Kipimo hicho kilinifaa. Nilizunguka uani kwangu nikiwasema wanasiasa wote, mmoja mmoja. Matusi yakianza kukatika katikati, nilipunguza mwendo. Mwanzoni sikumaliza hata mwanasiasa mmoja. Baadaye nilitoka nje ya ua, nikafika kwenye bomba la maji, kisha kanisani, na wanasiasa wakanipungukia.

Kwenye chakula pia hakunipa adhabu. Alinikataza kushinda njaa, maana nikishinda njaa mchana, jioni ningekula na sufuria. Tulianza na sukari ya chai tu. Nilipoizoea chai ile chungu, tukageukia mandazi: nikauze, nisionje. Hilo lilinitoa machozi, sitaficha. Kisha bonge la fufu, ugali wetu wa muhogo, likapungua kidogo kidogo, maharage na mboga za lengalenga vikaongezeka, mawese yakawa ya kijiko badala ya kumimina.

Uso wangu ulipoanza kupungua, taabu mpya ikaja. Kwetu mama haamui kukonda. Akikonda ni ugonjwa, au mumewe amechoka naye, na mimi mume sikuwa naye. Basi akina mama wa kikundi cha maombi wakaja wakiimba nyimbo za wagonjwa, na sufuria kichwani: kuku anaogelea katika mawese, na fufu kama kichuguu.

"Ninakonda kwa makusudi," niliwaambia.

Wakatazamana, wakaomba kwa nguvu zaidi. Chakula cha kumwangalia mgonjwa hakikataliwi, kukikataa ni kuwatukana waliokileta. Nikala, nao wakinihesabia matonge kwa macho. Nilikwenda kwa muuguzi nikijiona nimeharibu kila kitu. Alicheka: "Sufuria moja haiharibu kazi ya miezi, mama. Leo rudilia mwendo wako kama kawaida."

Asubuhi moja milio ya risasi ilirudi, karibu kuliko zamani. Mtaa mzima ukakimbia. Mimi nilikuwa bado mnene, tusidanganyane, na sikukimbia. Nilitembea mwendo wangu, ule wa kuongea, binti yangu kando yangu. Nikichoka nilisimama kidogo nikishika ukuta wa mtu, kisha nikaendelea. Njiani tuliwapita waliotuacha kwa mbio, wamekaa kando ya barabara wakihema, nikawapa pole. Hofu ilikuwepo, lakini miguu iliijua kazi yake.

Tulipokaribia uwanja wa ndege nilisikia sauti ya binti yangu nyuma yangu, mtoto mgongoni, furushi kichwani:

"Mama, ungoje kidogo. Nimechoka."

Nilisimama katikati ya barabara nikamngoja, huku nikilia kwa furaha.