Majogoo Watano wa Kiguu na Njia

Walimwita Kiguu na Njia, na jina lilimkaa. Mwanamke huyu hata uji alikunywa akiwa amesimama. Mara ashike ufagio, mara achungulie banda. Marehemu mama yake alimwachia kuku wa mbegu moja, nao sasa walikuwa wanazeeka, wanataga kwa kusuasua. Wasipototoa msimu huu, mbegu ya mama itaishia hapo.

Tayari mayai yake yalikuwa yametoka patupu mara mbili kwenye mashine ya shemeji yake, fundi wa kutotolesha. Safari hii shemeji alifika bandani mwenyewe.

"Shemeji, matetea kumi na majogoo watano? Hii ni ndoa au vita?"

"Si nimeongeza ili mbegu isikosekane!"

"Umeongeza ugomvi. Akipanda huyu, yule anamsukuma. Tazama migongo ya matetea, imenyonyoka. Matetea kumi, jogoo mmoja mzima anatosha. Na huyo jogoo wako mzee anachechemea. Kupanda hawezi, kuwazuia wenzake anaweza."

Huyo mzee ndiye aliyekuwa kipenzi cha mama. Kiguu na Njia aliuma mdomo.

"Na mayai unayawekaje?" shemeji aliuliza.

"Nayaosha vizuri na sabuni, yang'ae. Kisha kila nikipita nayatikisa kidogo, nisikie kama kuna kitu."

Shemeji alijishika kichwa. "Maji yanaondoa utando wa ganda, vijidudu vinaingia. Na kutikisa ndiyo kuua kabisa! Okota mara kwa mara, yaliyochafuka sana weka kando, yawe ya kula. Mazuri yapange ncha nyembamba chini, chumba chenye ubaridi, si jokofu. Yasipitishe wiki. Halafu mikono yako, shemeji, ifunge kamba."

Kiguu na Njia alimbakiza jogoo mmoja kijana. Watatu wakaenda sokoni. Yule jogoo mzee alimchinja mwenyewe, akalia waziwazi, na nyama yake hakuionja. Akasubiri wiki mbili, mbegu za wale wengine ziishe matumboni mwa matetea, ndipo akaanza kukusanya. Zilimwia ngumu siku zile. Trei ya mayai ilikuwa pale chumbani, naye alipita mlangoni akijikaza, mikono kwapani. Kwa hasira alifua mapazia yaliyokuwa safi.

Wiki moja baada ya mayai kuingia mashinani, shemeji alifunga mlango wa chumba cha mashine, akawasha tochi ili amulike ndani ya kila yai. Yai la kwanza likang'aa tupu. La pili tupu. Kiguu na Njia akaukimbilia mlango.

"Unakwenda wapi? Rudi hapa."

La tatu lilikuwa na doa jeusi, na mishipa myekundu imetambaa pande zote. La nne vilevile. La tano pia. Shemeji aliendelea kumulika, na trei ya mayai yenye uhai ikazidi kujaa.

"Unataka kulishika?"

Alinyoosha mkono, akaurudisha.

"Hapana," alisema. "Lirudishe ndani, litapata baridi." Akavuta kigoda, akaketi.