Sekanti ya Tisini

Nilifundisha hesabu miaka miwili bila kuwa mwalimu wa hesabu. Cheti changu kilisema baiolojia na kemia, na kemia yenyewe niliipata kwa taabu. Lakini mwalimu wa hesabu wa sekondari yetu pale Musoma alihamishiwa Mwanza katikati ya muhula, na mkuu wa shule akaingia chumba cha walimu, akatutazama mmoja mmoja, akaniona mimi ndiye binti mdogo kuliko wote nisiye na mume wa kunitetea. Akasema nchi inajengwa, kila mtu ashike jembe lililo karibu yake. Nikalishika. Miaka ile ya Ujamaa kukataa kazi kulikuwa karibu sawa na kuikataa nchi, na tena, niseme kweli, nilipenda kuitwa mwalimu wa hesabu. Wanafunzi waliniogopa kuliko nilipokuwa nawapasulia vyura.

Siri yangu ilikuwa kuandaa somo jioni moja kabla, nikae mbele yao kwa ukurasa mmoja tu. Jumapili moja sikuandaa. Nilikuwa nimekwenda Bunda, nyumbani kwetu Kabasa, na basi lilituweka njiani hadi nikarudi nimechoka hoi. Jumatatu asubuhi nikaingia kidato cha nne na kipande cha chaki, na kitabu cha majedwali nimekiacha mezani kwangu. Somo lilikuwa wale ndugu watatu wanaozaliwa kwa kupindua: sekanti ni moja juu ya kosaini, kosekanti ni moja juu ya saini, kotanjenti ni moja juu ya tanjenti. Nilijiambia hayo hayanishindi.

Kwanza nikawaonya wasidanganywe na majina, kwamba sekanti haiendi na saini bali inakwenda na kosaini. Hapo nilikuwa sahihi. Nikachora jedwali ubaoni. Digrii sifuri, kosaini ni moja, kwa hiyo sekanti ni moja. Sitini, kosaini ni nusu, sekanti ni mbili. Mia na ishirini, hasi mbili. Mia na themanini, hasi moja. Nilikuwa nimeruka tisini makusudi, maana nilipofika pale nilikuta kosaini ni sifuri na nikasita. Kisha nikakumbuka, kutoka sijui wapi, kwamba kuna sifuri katika tisini kwa mmoja wa wale ndugu watatu. Nikaandika sifuri. Moja gawanya kwa sifuri, sifuri. Mia mbili sabini vilevile. Halafu nikaunganisha nukta zote kwa mkono wangu ulionyooka vizuri, na mchoro ukatoka wa kupendeza, unapanda hadi mbili, unashuka kupitia tisini hadi hasi mbili, unapanda tena. Nilisogea nyuma kidogo nikautazama. Nilijivunia mchoro ule.

Katika darasa lile alikuwapo msichana kutoka Bugwema, mkubwa kwa umri kuliko wenzake, mpole, mwenye vidole vilivyokomazwa na kuchuma pamba. Nilijua habari zake kwa sababu baba yake alikuja shuleni mwanzoni mwa mwaka, akasema mbele yangu na mbele ya binti mwenyewe kwamba akichaguliwa kidato cha tano ataendelea, asipochaguliwa ataolewa, mume yupo. Alisema bila ubaya, kama mtu anayepanga siku ya kupanda. Binti alikuwa ametazama chini muda wote. Tangu siku hiyo sikumwona akipoteza hata dakika moja ya somo.

Akanyoosha mkono. Akaanza kwa Kiingereza, akakwama, akaingia Kiswahili, jambo ambalo darasani lilikuwa kosa. Aliomba samahani kwanza. Alisema hapo tisini hajaelewa, kwa sababu yeye amejaribu pembe za karibu na tisini na hazielekei sifuri. Nilikwenda kwenye dawati lake kumnyamazisha kwa kumtazama tu, nikaona karatasi yake. Alikuwa na kitabu cha majedwali, yeye alibeba chake. Ameandika themanini, tano nukta saba sita. Themanini na tano, kumi na moja nukta nne saba. Themanini na tisa, hamsini na saba nukta tatu. Upande wa pili, tisini na moja, hasi hamsini na saba nukta tatu. Namba zinapaa mbinguni upande huu na kutumbukia shimoni upande ule, na mimi mstari wangu unapita katikati kwa raha zake. Niliziona namba zile. Sikutaka kuziona, lakini niliziona.

Nikamwambia akae. Hakukaa mara moja. Alisema maneno ambayo hadi leo nayasikia na lafudhi yake:

"Mwalimu, kugawanya si ni kuuliza mara ngapi? Sisi nyumbani tunajazaga gunia la pamba kwa kikapu. Sasa kama kikapu hakibebi kitu, utaenda mara ngapi mpaka gunia lijae? Si mara sifuri. Halijai tu, hata uende mpaka kesho."

Darasa likacheka. Hawakunicheka mimi, walikicheka kikapu, na kwa siku nyingine ningecheka pia, maana sijapata kusikia sifuri ikielezwa vizuri hivyo. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimechoka, na nilihisi sakafu inatikisika. Nikasema shule si shamba la baba yake. Nikampa adhabu ya kufyeka nyasi nyuma ya mabweni siku mbili kwa kuongea Kiswahili na kubishana na mwalimu. Alisema ndiyo mwalimu, akakaa. Wenzake wote wakanakili mstari wangu kupitia sifuri. Yeye peke yake aliacha nafasi pale tisini, na nilipokusanya madaftari nikamwekea alama kubwa ya kosa kwa kalamu nyekundu.

Kama mambo yangeishia hapo ningekuwa na hadithi ya kuchekesha. Mchana ule ule makamu wa mkuu wa shule alikuwa akizungusha fomu za tabia za kidato cha nne. Wakati ule alama za mtihani hazikutosha, mwanafunzi alipimwa pia kwa kazi na utii, na kila mwalimu alikuwa na wanafunzi wake wa kuwaandikia. Yeye alikuwa katika orodha yangu. Niliandika kwa hasira iliyokuwa bado ya moto: ni mkaidi, hana heshima kwa walimu. Nikatia sahihi. Nikampa makamu fomu zote na moyo ukatulia.

Jioni, kabla jua halijazama, nilikaa kibarazani kwangu na kitabu cha majedwali nikitaka kuandaa kosekanti. Nikafungua ukurasa wa sekanti, nikateremka kwa kidole hadi tisini. Hapakuwa na sifuri. Palikuwa na ile namba nane iliyolala, kumaanisha haina mwisho, haipo, usiitafute. Nikafungua kotanjenti, na pale kwenye tisini ndipo ilipokaa sifuri yangu niliyoikumbuka, maana kotanjenti ni kosaini juu ya saini, na sifuri juu ya moja ni sifuri halali. Nilikuwa nimeinyang'anya ndugu mmoja nikampa mwingine. Tena nikaona jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angeliona: kosaini haizidi moja, basi moja juu yake haiwezi kuingia kati ya moja na hasi moja. Mchoro wangu mzuri ulikuwa umepita mahali ambapo sekanti haikanyagi kamwe. Uso uliniwaka nikiwa peke yangu.

Nilijua palepale lililonipasa. Lilikuwa jambo la kwenda ofisini kwa makamu, kusema nimekosea, niombe fomu, nifute mstari mmoja. Makamu hakuwa mtu mbaya. Angenitania kidogo kisha angenipa. Lakini ningelazimika kusema nimekosea nini, na yeye angeyasema katika chumba cha walimu, na mwalimu wa hesabu angerudi kuwa binti wa vyura. Jumanne nikapita mlangoni pake. Jumatano nikaingia, nikaomba chaki. Alhamisi alikuwapo, bahasha iko mezani, haijafungwa, nikazungumza naye habari za bei ya samaki wa furu sokoni. Ijumaa akaipeleka posta.

Wiki hiyo hiyo nilifundisha kosekanti na kotanjenti sawasawa. Nilichora mistari ya nukta nukta iliyosimama kwenye sifuri, mia na themanini, mia tatu na sitini, mahali ambapo saini ni sifuri, nikawaambia hapo hakuna thamani, msiunganishe. Kosekanti ikakaa kama bakuli juu ya moja kwenye tisini, na bakuli jingine limefunikwa chini ya hasi moja kwenye mia mbili sabini. Kotanjenti ikashuka kutoka juu kabisa, ikakata mstari kwenye tisini, ikazama. Kisha, bila neno, nikaichora upya sekanti na nafasi zake kwenye tisini na mia mbili sabini. Mmoja akauliza kwa nini imebadilika. Nikasema ile ya kwanza ilikuwa ya haraka. Msichana wa Bugwema alikuwa akitabasamu, amerudi kutoka kufyeka, ana jani la nyasi kwenye sweta.

Matokeo yalipotoka alipata alama ya juu kabisa ya hesabu katika shule yetu. Jina lake halikuwamo kidato cha tano. Makamu ndiye aliyeniambia, tukinywa chai, kwamba hesabu zingembeba, tatizo ni ile fomu, mkaidi hawamtaki. Alisema kama pole kwangu, kwa vile mimi ndiye niliyesumbuliwa naye.

Ilipita miaka sita ndipo nikaenda kumtafuta. Nilisikia ameolewa Mugeta na kwamba anafundisha kisomo cha watu wazima katika kijiji chao. Nilimkuta akianika pamba na mtoto mgongoni. Aliniamkia shikamoo kwa furaha iliyoniumiza, akaniletea kiti, akaanza mwenyewe habari za sekanti. Alisema siku ile nilipoichora upya alijua nimemwambia pole, na kwamba yeye hana neno. Halafu akasema, akicheka, kwamba anashangaa alikuwa anajua hesabu lakini kumbe hakuwa na akili ya kutosha kuendelea. Baba yake alimwambia hivyo, na yeye alikubali.

Hapo sikuweza kujizuia tena. Nikamwambia habari za fomu, neno kwa neno, mkaidi, hana heshima. Alihamisha mtoto kutoka mgongoni hadi mapajani, akaniuliza kwa sauti ileile ya darasani:

"Mwalimu, ulijua lini kwamba nilikuwa sahihi?"

Nikasema jioni ileile ya Jumatatu.

"Na fomu iliondoka lini?"

Nikasema Ijumaa.

Alitazama pamba yake, vidole vikitembea juu ya mgongo wa mtoto, kimoja kimoja, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. "Siku nne," alisema. Kisha akainuka kwenda kugeuza pamba upande wa pili, na mimi nikabaki kwenye kiti alichoniletea.