Fomu Tatu kwa Mwezi

“Mwanangu, kama tangazo halileti mtu, hawa wafugaji wa Handeni wanatoka wapi?” aliniuliza mama mwenye duka la dawa za mifugo pale Korogwe. Tangazo lake la mtandaoni nililisimamia mimi, na nilihesabu waliobofya na kujaza fomu tu. Mwezi ule walikuwa watatu. Kumpata kila mmoja kulitugharimu zaidi kuliko faida ya dawa aliyonunua.

“Tulizime, mama.”

“Haya, msomi ni wewe.”

Wafugaji wakapungua, na kabla ya masika duka likafungwa. Miaka mingi baadaye mfugaji mmoja wa Handeni alinisimulia kwamba mnadani simu moja yenye tangazo letu ilipita mikono mingi, kisha wafugaji wakaja dukani bila kubofya chochote.