Mama Wanne Ndani ya Fungu Moja

Mchezo wetu wa karata ulinigharimu shemeji mmoja na nafasi yote chini ya kitanda. Maboksi sitini yako pale. Nimeyahesabu mara mbili, nikitumaini hesabu ya pili itakuwa pungufu.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni fundi cherehani anayejua kuchora. Mimi najua kupatana bei. Tuliunda mafungu matatu ya kuanzia, kila moja karata ishirini: Ziwa, Mlima na Mpaka. Unachagua lako, unapewa pumzi kumi na tano. Zamu ya kwanza una nguvu moja ya kulipia karata, ya pili mbili, na kuendelea. Karata ukiishusha leo, inaweza kuzuia karata moja ya mpinzani, ila kupiga pumzi zake inaanza zamu yako inayofuata. Pumzi zikiisha, umekufa.

Fungu la Mlima lilikuwa na ng'ombe wa Mudende, kule malishoni, mnyama mkubwa wa kulipiwa nguvu nne. Fungu la Mpaka lilikuwa na mwanamke mwenye mzigo mgongoni, wa nguvu moja tu, naye alipiga pumzi tatu kila zamu. Walikuwa wanne ndani ya fungu. Sura ilikuwa ya marehemu mama yake shemeji, aliyevusha viazi mpakani, pale kivuko cha Petite Barrière, hadi mgongo ukakataa. Mama mkwe wangu, yaani.

Tulijaribu Mpaka dhidi ya Mlima mara ishirini, tukibadilishana nani aanze. Mpaka ilishinda kumi na saba. Ikianza yenyewe, ilishinda zote kumi. Ng'ombe alikuwa bado anatafuta njia ya kushuka, mchezaji wake ameshazikwa.

"Shemeji," nikasema, "tumupunguze mama kidogo. Apige mbili."

Akaweka mkasi chini. "Mama alibeba kilo hamsini. We utamutoa ngapi?"

"Basi apige tatu, ila alipiwe nguvu mbili. Ataingia zamu ya pili."

"Zamu ya pili? Barrière ikifunguliwa, mama iko wa kwanza. Hakuchelewa hata siku moja. We ndiye ulikuwa unachelewa, hata kwenye kilio chake."

"Bon. Kilio kimeingiaje kwenye karata?"

"Uliingiza we, ulipotaka kumupunguza."

Kwa hiyo tukafanya kama tunavyofanya sokoni: tukakutana katikati. Mama asiguswe, ila kila mchezaji aongezwe pumzi tatu, ziwe kumi na nane. Tukapeana mikono, tukacheka, tukaenda kwa mchapaji: maboksi sitini, kila moja na mafungu yote matatu. Hatukujaribu tena. Bei ikishapatana nani anarudi kupima? Lakini karata si muuza nyanya. Haina habari kwamba mumekutana katikati.

Dada mmoja mwenye mgahawa wa vijana karibu na ufukwe wa ziwa alikuwa amekubali kuyauza maboksi yote, kwa sharti moja: vijana wasichoke nayo. Jumamosi ya kwanza wakagombania fungu la Mpaka mpaka boksi likapasuka. Aliyelipata alimaliza mchezo zamu ya tano, badala ya ya nne kama kwenye majaribio yetu. Pumzi zangu tatu zilimnunulia ng'ombe nafasi ya kuingia, akazuia mama mmoja, wengine wakampita pembeni. Hakupiga hata mara moja. Jumamosi iliyofuata hakuna aliyegombania chochote.

"Chukua vitu vyako, kaka," dada akaniambia. "Huu si mchezo. Ni kuona nani amewahi boksi."

Nilipomrudishia shemeji habari, alisikia jambo moja tu. "Donc wamesema mama ameharibu." Nikamwambia hawajasema hivyo. Akaendelea kushona. Tangu hapo haji kula kwetu Jumapili, na mke wangu anapakua sahani yake, kisha anairudisha chunguni bila kunitazama.

Sasa dawa nimeipata, baada ya mchapaji kulipwa, kama kawaida yangu. Mama abaki na nguvu yake moja na kipigo chake cha tatu, asiguswe. Ila awe mmoja ndani ya fungu, na pale pa watatu tuweke wabebaji wa kawaida, wanaopiga moja. Nimejaribu na mke wangu mara ishirini, tukipokezana kuanza: Mpaka kumi na moja, Mlima tisa. Na dhidi ya Ziwa ni kumi kwa kumi. Siku mama akitoka mapema bado anatisha, lakini mara nyingi anakuta mtu amejipanga. Na shemeji hawezi kukataa, maana mama alikuwa mmoja. Hilo naweza kumwambia hata mlangoni.

Shida ni wale watatu. Boksi sitini, mama watatu kila boksi: mia na themanini, nimehesabu mara mbili. Lazima watoke. Siwezi kuwachoma, siwezi kuwatupa, na mke wangu ameshaniuliza nitawaweka wapi. Wewe uliyewahi kuwa na shemeji, niambie: nikienda kupiga hodi kwake, niende nao mkononi, au niwaache kwanza nyumbani?