Karatasi Niliyoibandika Ukutani

Nimeishi miaka mingi nikiwafundisha watu kushukuru. Baada ya swala ya alfajiri nilikuwa nasomesha darsa msikitini kwetu Mbagala, na kabla ya kustaafu nilisimamia maabara ya kliniki moja huko huko. Subira nilidhani naijua. Ila wiki ile nilimkasirikia karibu kila mtu, na wa mwisho ndiye aliyestahili zaidi.

Binti yangu alijifungua mtoto wake wa pili akatokwa na damu nyingi mno, akaongezewa chupa tatu. Alipona, tukasoma dua, tukachinja. Lakini maziwa hayakutoka hata tone, na hedhi haikurudi. Mwaka wa pili ulipofika alikuwa anavaa sweta nyumbani kwake Chanika saa saba mchana, jua likiwa kali. Nyusi zilipukutika. Akiinuka ghafla anashika ukuta. Alizungumza taratibu, kama mtu anayehesabu maneno.

"Baba, mie siko sawa," aliniambia.

"Mshukuru Mungu mwanangu. Una mume, una watoto, una nyumba."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu. Nayaandika maneno yangu kama yalivyokuwa, maana sitaki kujifanya mwema.

Akaenda mwenyewe kliniki ile ile niliyostaafu, kwa daktari mmoja wa kike, akatolewa damu Jumatatu. Jibu lilirudi na mstari mmoja tu: TSH 2.1, kawaida. Mumewe alilipokea kama hukumu ya kadhi. Alhamisi alinipigia simu.

"Baba mkwe, shikamoo. Mie nimechoka. Vipimo vimesema mzima, ila mtu analala mpaka saa nne, chai ya watoto napika mie. Mama anasema huu ni uvivu tu. Naomba uje umchukue ukae naye, umfunde upya."

Umfunde upya! Nilikata simu kabla ulimi haujaniponza. Nilipofika Chanika nilimkuta binti yangu ameketi kwenye mkeka, kibegi kimeshafungwa, hana hata nguvu ya kulia. Nilimwomba lile jibu nikalisoma pale pale mlangoni, na hapo ndipo nilipoona kasoro. TSH peke yake. T4 huru haikuwepo.

Niwaeleze wasiofanya kazi hii. Mbele ya koo kuna tezi ya thairoidi, inayotoa homoni ya T4 ya kuupa mwili moto na nguvu; ile inayoelea kwenye damu bila kushikwa ndiyo T4 huru. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo, pituitari, inayoiamrisha ile ya koo kwa sauti inayoitwa TSH. Tezi ya koo ikiharibika yenyewe, T4 hushuka na pituitari hupiga kelele: TSH hupanda sana. Ikiwa imeanza tu kulegea, TSH hupanda kidogo huku T4 ikiwa bado sawa, na mgonjwa pengine hajisikii chochote. Lakini ikiharibika pituitari yenyewe, mwenye kuamrisha, T4 hushuka na hakuna wa kupiga kelele. TSH inaweza kuwa chini, au ikakaa palepale panapoitwa kawaida, ikakudanganya. Mwanamke aliyetokwa na damu nyingi akijifungua, pituitari yake huweza kukosa damu ikafa. Yote haya nilikuwa nayajua. Nimeyafundisha kwa chaki.

Nilimfikisha kwangu Mbagala, kisha nikaenda moja kwa moja maabara ya kliniki ile. Msimamizi sasa ni mwanamke niliyemfundisha kazi mwenyewe. Hata salamu yake sikuiitikia.

"Nani kapima damu ya binti yangu TSH peke yake?"

"Mimi, mwalimu."

"Kwani daktari aliomba nini?"

Akaitoa fomu kwenye faili. Daktari aliandika vipimo viwili, TSH na T4 huru, na pembeni: "alitokwa damu nyingi uzazi uliopita." Cha pili kilikatwa kwa kalamu nyekundu.

Nilifoka. Nilimwambia maneno ambayo mtu wa rika langu, mwenye udhu, hapaswi kuyasema. Nilimuuliza kama alikuwa anasoma fomu au anapaka rangi. Alingoja nimalize, kisha akanyoosha kidole juu ya mashine.

"Soma na ile, mwalimu."

Ilikuwa karatasi iliyogeuka manjano, imefunikwa nailoni. "TSH ikiwa kawaida, T4 huru isipimwe." Mwandiko wangu. Sahihi yangu. Niliibandika mwaka ambao vitendanishi, zile kemikali za kupimia, vilikuwa vinakwisha kabla ya mwezi, nikasema itakuwa ya muda. Nikastaafu, nikaagwa kwa pilau, karatasi ikabaki inatoa amri.

"Nikivunja hiyo naambiwa napoteza vitendanishi," alisema. "Na aliyenifundisha kutoivunja ni wewe."

Nikamuuliza kama ile damu bado ipo. Sampuli huwekwa kwenye friji wiki nzima, ilikuwepo. Akaipima nikiwa nimesimama nyuma yake. T4 huru: 5.8. Kiwango cha chini cha mashine ile ni 12. Akarudia TSH: 2.1 vilevile. Mwili una baridi namna hiyo, na tezi ya kichwani imetulia kama hakuna lililotokea.

"Ya kati hii, ya kwenye pituitari," alisema polepole. "Si ya koo."

Nilitaka kukimbilia duka la dawa, ninunue vidonge vya tezi nimpe binti yangu siku hiyo hiyo. Kwanza nikampigia daktari.

"Mzee, usithubutu!" alisema. "Pituitari ikifa haifi kwa tezi moja tu. Huenda hata kotisoli hana, homoni ya kuubeba mwili kwenye msukosuko. Ukimwashia moto kwa vidonge vya tezi kabla ya kotisoli, unaweza kumuua. Kesho saa mbili asubuhi awe hapa, nimtoe damu nyingine. Na mzee, mie niliomba vipimo viwili. Viwili!"

"Ninajua, daktari. Aliyekikata ni mimi."

Damu mpya ilisema yale yale, na kotisoli ya asubuhi ilikuwa chini kabisa. Alilazwa hospitali ya rufaa. Wakaanza na haidrokotisoni, dawa ya kuziba pengo la kotisoli, na ndipo baadaye vidonge vya tezi. Daktari aliandika kwa herufi kubwa kwenye kadi: dozi ifuatwe kwa T4 huru, si kwa TSH. Alijua tulivyo.

Karatasi niliibandua kwa mkono wangu. Msimamizi akaandika nyingine: daktari akiomba vyote, vipimwe vyote. Chini akaniambia nisaini na mimi. Nikasaini.

Wiki kadhaa baadaye binti yangu alivua sweta. Nilikuwa nyumbani kwao, mumewe na mama mkwe wake wapo, uji unapoa.

"Baba," alisema, "nilikwambia siko sawa."

"Ulisema kweli."

"Waambie na hawa."

Nikawaambia, kuanzia mawaidha yangu ya kumnyamazisha hadi karatasi ya ukutani. Mumewe aliinamisha kichwa, kisha akainua mikono.

"Basi tumshukuru Mungu, baba mkwe, yamekwisha."

"Ishushe mikono hiyo," nilimwambia. "Mungu tutamshukuru, hakimbii. Kwanza tumuombe radhi mkeo. Mimi naanza."

Nikageuka nikamuomba radhi mwanangu, mbele ya mumewe na mama mkwe wake. Alikunywa uji wake wote kwanza kabla ya kunijibu.