Machipukizi ya Rweya

Harufu ya mkojo ule sijaisahau. Niliingia bandani asubuhi nikakuta sakafu ina wekundu, na ng'ombe wangu amesimama miguu imetanuka, akikojoa damu iliyochanganyika na mabonge. Nilitapika palepale.

Rweya, lile eneo letu la nyasi juu ya kijiji hapa Kishanda, huchomwa kila kiangazi. Kabla nyasi hazijarudi, kangaga hutangulia kuchipua, laini, la kijani. Mimi nililikata kumlishia ng'ombe misimu mitatu mfululizo, nikijiona mjanja kuliko majirani waliohangaika na majani ya migomba. Kangaga ni kangaga, nilijiambia; la kijitoni nililikata zamani na hakuna ng'ombe aliyedhurika.

Bwana mifugo alikuja, kijana mpole. Aliangalia hori na kunitazama kwa namna iliyonikera.

"Mama, haya umeyatoa wapi?"

"Rweya."

Akaniomba tupande huko, tukipitia kijitoni. Pale kijitoni makangaga yalisimama kwa mafungu, majani yote yakitoka kwenye kisiki kimoja, machipukizi yamejikunja na kujaa magamba ya kahawia. Rweyani kila shina lilisimama peke yake, hatua moja kutoka kwa jenzake. Akachimba, akanionyesha mzizi mweusi unaotambaa chini na kuyaunganisha. Chipukizi lilikuwa na vinyweleo, na ncha yake imegawanyika kama ngumi ya vidole vitatu. Jani lililokomaa lilikuwa pana, la pembetatu, na ukingo wake umekunjwa kwa chini.

"Hili ndilo lenye sumu, na changa ndilo baya zaidi," alisema. "Linaotesha uvimbe kwenye kibofu, polepole. Dawa ya kumponya huyu sina. Na hata yale ya kijitoni, usimpe mnyama wala usile mwenyewe kwa kuwa tu hayafanani na hili."

Nilichukizwa naye, nikachukizwa na kangaga, na zaidi ya vyote na mikono yangu iliyonuka majani mabichi.

Kisha akauliza, "Maziwa yake anakunywa nani?"

Mjukuu wangu ana miaka mitatu. Mwanangu anauza samaki Kemondo, akamleta kwangu akiwa na mwaka mmoja kwa sababu huku kuna maziwa. Bwana mifugo alisema sumu hupita kwenye maziwa. Hakuweza kuniambia imemfanya nini mtoto, ila nisimpe tena hata tone.

Jioni nilikamua nikamwaga nyuma ya choo. Yalikuwa meupe, mazuri, na nilitema mate juu yake. Mtoto alinifuata na kikombe chake akilia, nami nikamfokea bila sababu.

Simu ikaita. Mwanangu aliuliza, kama kila siku, "Mama, maziwa anakunywa vizuri?"

"Amekunywa," nilimjibu. "Miaka miwili, kila siku, na mimi ndiye niliyemkatia ng'ombe majani. Njoo, mwanangu."